Mtani Aliyekalia Mlango wa Nungunungu

Nina hadithi mkononi.
"Ifungue tuione."
Ina miiba.
"Tutaishika polepole."
Mmeshakula?
"Tumeshiba."
Vyombo mmeosha?
"Anza tu hadithi."

Haya. Vyombo vitasubiri, kama kawaida yao.

Palikuwa na pori lenye udongo mwekundu, na katika pori hilo aliishi Mzee Nungunungu na mkewe, Bi Nungunungu, na watoto wao wawili ambao miiba yao ilikuwa bado laini. Walikuwa na shimo zuri kuliko mashimo yote ya pori lile. Mlango mdogo, ndani pana. Mvua inyeshe wiki nzima, ndani kukavu. Kulikuwa na chumba cha wazee, chumba cha watoto, na nyuma kabisa ghala ya karanga. Mzee alilichimba mwenyewe miaka mitatu, kwa kucha zake.

Alikuwa mkulima wa karanga, na alikuwa mchoyo. Ukimwomba karanga moja alikuuliza ya nini. Ukimwambia ya kula, alikuuliza kwa nini usile kitu kingine. Hata hivyo watu walimpenda. Wako watu wa namna hiyo, na ukiulizwa sababu huijui.

Masika yalipoanza, Mzee Nungunungu akakohoa siku nne. Siku ya tano, asubuhi, akafa.

Kanga wakapaza sauti, kwe-kwe-kwe, kwe-kwe-kwe, na pori zima likajua.

Sasa, msiba ni kazi. Watu hudhani msiba ni kulia, lakini kulia ni kipande kidogo tu. Maji yatekwe, kuni zipasuliwe, kaburi lichimbwe, wageni wakalishwe, wale. Anayelia hawezi kupika, na anayepika hapati nafasi ya kulia. Ndiyo maana wanyama wa pori lile waliweka utaratibu wa watani. Kila ukoo ulikuwa na ukoo wa watani wake. Ukifiwa, watani wako ndio hufanya kazi zote, na kwa kazi hiyo hupewa ruhusa ambayo wengine hawana. Mtani anaweza kutania msibani. Anaweza kumwigiza marehemu anavyotembea. Anaweza kukalia kitu cha nyumba ile akasema hiki changu, na mfiwa haruhusiwi kukasirika.

Watani wa Nungunungu walikuwa akina Kakakuona, na akina Kakakuona waliishi ng'ambo ya mto. Mto ulikuwa umejaa hadi kingo. Hakuna Kakakuona aliyeweza kuvuka.

Habari hiyo aliisikia Ngiri.

Ngiri mnamjua. Mabega mapana, pembe mbili za mdomoni, na tumbo lisilojua kutosheka. Ngiri hana shimo lake. Hachimbi la kulala, anasema kazi hiyo inamuumiza shingo; anatafuta lililochimbwa na mwenzake, anaingia kinyumenyume, anatoa pembe nje, na mwenyewe akirudi anamkuta mlangoni. Shimo la Nungunungu alikuwa amelitamani tangu lilipochimbwa.

Basi akaja mbio, mkia wima, guda-guda-guda, akapita katikati ya waombolezaji, akakaa kitako mlangoni mwa shimo. Watoto wa Nungunungu walikuwa ndani, Ngiri akaziba mwanga wote.

"Poleni kwa msiba," akasema. "Mimi ni mtani wa marehemu. Nimekalia shimo hili. Kuanzia leo ni langu."

"Utani huo umeanza lini?" akauliza Mzee Kobe, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa misiba katika pori lile.

"Babu yangu na babu yake walitaniana."

"Hatujawahi kusikia."

"Walitaniana kwa sauti ya chini."

Mzee Kobe akavuta shingo ndani kidogo. Ngiri alikuwa mkubwa kuliko wote waliokuwapo. Mama Kanga akakoroga uji kwa nguvu. Bi Nungunungu alikuwa amekaa chini kando ya mwili wa mumewe, akamtazama Ngiri pale mlangoni, halafu akatazama mawingu. Mvua ilikuwa inakuja tena. Akifukuzwa siku hiyo, atawalaza wapi watoto wale wenye miiba laini? Lakini mtani hakasirikiwi. Akainamisha kichwa.

Hapo ndipo Kindi aliposhuka kutoka mtini, chakacha-chakacha, akaja hadi katikati.

Kindi ni huyu mnayemwona akikimbia juu ya kuta. Mdogo, mkia mkubwa kuliko kazi yake. Na kuhusu Kindi na karanga za Mzee Nungunungu kulikuwa na maneno ya chini chini, lakini hakuna aliyewahi kumshika.

"Jamani, msibishane na mtani," Kindi akasema. "Kaka Ngiri amesema ni mtani. Sote tumesikia. Au hatukusikia?"

"Tumesikia," wakajibu wote, kwa shingo upande.

"Kaka Ngiri, hebu rudia, kuna waliokuja nyuma. Mtani wa msiba huu ni nani?"

"Ni mimi," akasema Ngiri, akatanua kifua.

"Vizuri. Basi jembe lile pale. Kaburi bado."

Ngiri akamtazama. "Kaburi gani?"

"La marehemu. Mtani ndiye anayechimba."

Ngiri hakulijua hilo, kwa sababu kila msiba alifika saa ya kula. Akamtazama Mzee Kobe, Kobe akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Alipowatazama wengine, wote walikuwa wanamtazama yeye. Akikataa, yeye si mtani. Na kama si mtani, anafanya nini mlangoni kwa watu?

"Shimo linabaki langu," akasema.

"Hata ukiinuka, ulishalikalia," akasema Kindi. "Acha mate yako hapo mlangoni, yakulindie."

Ngiri akatema mate, akaenda kuchimba; watoto wakapata nafasi ya kutoka, wakakaa kando ya mama yao. Jembe hakulitaka, akatumia pembe. Fukutu, fukutu, fukutu. Akanung'unika, lakini akachimba.

Alipotoka kaburini akiwa na udongo hadi kwenye kope, Kindi alikuwa amesimama ukingoni.

"Mtani ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi maji hakuna."

Ngiri akateka maji. Chubwi, chubwi, chubwi. Akanung'unika, lakini akateka.

"Mtani ni nani?"

"Ni mimi, nimeshasema."

"Basi Mama Kanga hana kuni."

Ngiri akapasua kuni. Ka, ka, ka. Mama Kanga, ambaye msiba uliopita alipasua mwenyewe huku amebeba mtoto mgongoni, akavuta kigoda akakaa kumtazama. Alisema baadaye kwamba hajapata kupumzika vile tangu aolewe.

Na wakati Ngiri anapasua, Kindi hakukaa bure. Alikwenda akakaa karibu na Bi Nungunungu. Kisha akauliza, "Mama, mtani akimaliza kazi za mikono, inabaki ya mdomo. Itabidi mtu amseme marehemu kabla hajafukiwa. Nikipata nafasi, wataka niseme nini?"

"Sema vizuri."

"Vizuri vya kweli au vizuri vya msibani?"

Bi Nungunungu akafikiri. "Vya kweli. Vya msibani nitajua si yeye."

"Kikohozi je?"

"Kikohozi usiguse. Nilikisikia siku nne, bado nakisikia."

"Na kaka yake wa kule mawe meupe?"

"Usimtaje. Hawakupatana, na mke wa kaka yuko pale anapepeta mchele."

"Uchoyo?"

"Uchoyo kila mtu anaujua. Ukiuficha watakucheka wewe. Lakini usiuseme kama mtu anayemdai."

"Habari ya mlango?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Bi Nungunungu akainua uso. "Hiyo sema. Mwenyewe alikuwa anaisimulia akicheka."

"Na karanga?"

"Karanga gani?"

"Hiyo nitajisema mwenyewe," akasema Kindi haraka. "Sikiliza, mama. Nikiwa nazungumza, ukiona nimekwenda pasipo, inua mwiba mmoja tu. Nitaacha hapo hapo, hata neno liwe nusu."

"Sawa," akasema Bi Nungunungu.

Ngiri akarudi, akajikalia tena mlangoni, anahema hee, hee. "Nimemaliza. Mleteni huyo mjane na watoto wake watoe vitu vyao."

"Bado moja," akasema Kindi. "Mtani ni nani?"

"Ni mimi!"

"Basi mtani humuaga marehemu kwa maneno. Mzee Kobe, tueleze, mimi mdogo naweza kukosea."

Mzee Kobe akatoa shingo yote nje. Sasa alianza kuelewa, na shingo yake ikawa ndefu. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Mtani anamsimulia marehemu mpaka mfiwa mkuu atabasamu. Si kucheka, kutabasamu kunatosha. Mfiwa akitabasamu, mtani amemaliza kazi yake, na anachukua alichokalia. Asipotabasamu, mtani anaondoka mikono mitupu. Ndiyo sababu tunawaruhusu watani watanie. Tunawaruhusu ili wamwinue mfiwa. Si kwa ajili ya kujifurahisha."

"Hilo tu?" akasema Ngiri. "Kuchekesha mimi ni hodari."

Wakakaa wote. Mwili wa Mzee ukawekwa kando ya kaburi, juu ya majani. Ngiri akasimama palepale mlangoni, mdomo umejaa uji aliouchota kwa Mama Kanga akipita.

"Marehemu," akasema, "alikuwa na pua kama kiazi kilichooza."

Akangoja. Wawili watatu walicheka, kicheko kile cha kuogopa mkubwa. Bi Nungunungu akatazama majani aliyolalia mumewe. Marehemu hakuwa na njia ya kujibu.

Ngiri akaona haitoshi. Akaendelea. "Na alivyokuwa anakohoa! Kho-kho-kho, kho-kho-kho, mpaka sisi wa bondeni tunasema, huyu atakufa lini tulale?"

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja wa Nungunungu akaanza kulia. Miiba ya Bi Nungunungu yote ikasimama, shaa, halafu akailaza kwa nguvu kwa sababu mtani hakasirikiwi.

"Sasa mjane atapata mume mwingine," akasema Ngiri, "mwenye miiba michache, atamkumbatia vizuri."

Mama Kanga akaweka mwiko chini. Mzee Kobe akasema, "Mtani, mfiwa hajatabasamu."

Ngiri akakuna shingo. Akabadilisha njia. Akakumbuka jinsi watu wakubwa wanavyosemwa, akatia sauti nzito. "Ndugu waombolezaji. Marehemu alikuwa shujaa wa mashujaa. Hakuna simba ambaye hakumkimbia. Na alikuwa mkarimu. Mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mwenye njaa. Nani kati yetu hakula karanga zake?"

Waombolezaji wakatazamana. Mkarimu? Mzee Nungunungu? Mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mwingine akajifanya anatafuta kitu mchangani. Kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko kile cha pua, kwa sababu uongo ulimfanya marehemu achekwe na watu waliompenda. Bi Nungunungu akageuza uso.

"Hajatabasamu," akasema Kobe.

Ngiri akakasirika. "Hakuna anayeweza kumfanya mjane atabasamu siku ya kumzika mumewe. Utaratibu wenu mbovu. Akitokea hata mmoja wa kumfanya atabasamu, mimi nitainuka hapa na sitarudi. Asipotokea, shimo langu."

"Umesema?" akauliza Kindi.

"Nimesema."

"Mbele ya watu?"

"Nimesema, wewe mkia."

Kindi akaenda mbele. Hakutafuta mahali pa juu. Akakaa chini, usawa na Bi Nungunungu, mgongo wake kwa Ngiri. Akazungumza kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu anayeongea na jirani, ikabidi wote wanyamaze ili wasikie.

"Mama, watoto, poleni. Mzee ameondoka, na shamba lake limebaki na jembe limesimama katikati ya mstari. Nimepita asubuhi nikaliona. Nilirudi nyuma, sikuweza kulipita. Sitasema maneno makubwa. Mzee hakupenda maneno makubwa, alisema yanamaliza muda wa kupalilia."

Mama Kanga akafuta machozi. Kindi aliwaacha walie kwanza. Huwezi kumpa mtu tabasamu kabla hujakubali kwamba analia.

"Mnakumbuka mlango wake," akasema.

Wengine wakaanza kutikisa vichwa.

"Mzee akitoka kwenda mahali, anafika kwenye kichuguu, anasimama. Anasema, nimefunga mlango? Anarudi. Anatazama. Anaondoka. Anafika kwenye kichuguu. Anasema, lakini nimefunga vizuri? Anarudi. Anatazama. Anaondoka. Anafika kwenye kichuguu." Kindi akatulia. "Na shimo lile, jamani, halina mlango. Ni tundu."

Mtu mmoja nyuma akatoa pumzi puani, fff. Kindi hakumtazama huyo. Alimtazama Bi Nungunungu. Hakuna mwiba ulioinuka. Macho yalikuwa bado yana machozi, lakini yalikuwa yanatazama mbele.

"Kwa hiyo alichelewa kila mahali. Harusi ya Mama Kanga alifika tunakusanya majani tuliyolia chakula."

"Akauliza kama wali umebaki," akasema Mama Kanga, kabla hajajizuia.

"Akauliza kama umebaki wa kubeba," akasahihisha Mzee Kobe. "Na mimi ndiye niliyetangulia kufika. Mimi. Maishani mwangu sijawahi kutangulia kufika mahali isipokuwa alipoalikwa Nungunungu. Nitamkumbuka kwa hilo."

Watu wakatikisika mabega. Binti mdogo wa Nungunungu, yule aliyelia, akasema taratibu, "Na mimi alinirudisha. Akasema kaangalie kama ghala ipo."

"Ilikuwepo?" akauliza Kindi.

"Ilikuwepo."

"Unaona. Kwa sababu uliangalia."

Kindi akaendelea. Akasema jinsi Mzee alivyokuwa kiziwi ukimwita kusaidia kubeba gogo, lakini ganda la karanga likipasuka mashamba matatu mbali, ta, anageuza kichwa. Akasema jinsi wageni walivyokalishwa kwenye kona, na Mzee akiwapa karanga mbili, akiwauliza ya kwanza ilikuwaje kabla hajatoa ya pili. Aliyasema bila kumwigiza sauti na bila kukunja uso. Kila alipotaja uchoyo alijitia na yeye ndani, akasema tulivyongoja ile ya pili, akasema tulivyoitafuna polepole. Wakawa wanajicheka wao kwa njaa yao, na Mzee amekaa katikati yao kama zamani.

Midomo ya Bi Nungunungu ilikuwa imelegea. Lakini haikuwa tabasamu bado, na Ngiri alikuwa ananyoosha shingo kuona.

"Hajatabasamu," akasema Ngiri.

"Sasa jambo langu," akasema Kindi. "Hili sijamwambia mtu. Mama, ukikasirika, kasirika, mimi si mtani."

Watu wakasogea.

"Kila alasiri, Mzee akishakula, alilala karibu na ghala. Alikoroma. Hrrrr, halafu fyuuu. Hrrrr, fyuuu. Mimi nilikuwa naingia kwa nyuma, kwenye ufa wa mzizi. Akisema hrrrr, napiga hatua. Akisema fyuuu, nasimama. Hrrrr, hatua. Fyuuu, nasimama. Hivyo hivyo mpaka kwenye rundo, nachukua karanga, natoka. Miaka miwili."

"Aa," akasema Mama Kanga, kama mtu aliyepata jibu la jambo la siku nyingi.

"Nilijiona mjanja wa wajanja. Siku moja nikaingia. Hrrrr, hatua. Fyuuu, nikasimama. Hrrrr, nikafika, nikanyoosha mkono. Na Mzee, macho yamefungwa, hajageuka, akasema: Za kulia ni mbegu. Chukua za kushoto." Kindi akasita. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Halafu akaendelea. Hrrrr."

Kisha Bi Nungunungu akasema, "Ndiyo wewe."

"Ndiyo mimi, mama."

"Kila siku baada ya kula ananiambia, mke wangu, menya karanga kidogo uweke kushoto, nina mgeni mwenye haya. Mimi nikasema mume wangu anazeeka vibaya, anapokea wageni usingizini." Akamtazama mumewe pale juu ya majani. "Alikuwa akinipangia mimi karanga kwa hesabu ya vidole. Nawe anakuwekea rundo."

Akatabasamu. Lilianza upande mmoja wa mdomo likaenda upande wa pili, na machozi yakapita juu yake yakaanguka, na tabasamu halikuondoka. Watoto wake walipomwona wakatabasamu pia. Ndipo wengine nao wakaruhusu nyuso zao, Mama Kanga akicheka na kulia kwa wakati mmoja, kwe, kwe, na hakuna aliyeona haya, kwa sababu mwenye msiba ndiye aliyeanza.

Kindi hakuendelea na vichekesho. Alikuwa na vingine vitatu, akavimeza. Akasubiri watulie, akageukia mwili.

"Mzee, ulichelewa kila mahali, leo umetutangulia sote. Safari hii ukifika kwenye kichuguu, usirudi. Nenda tu. Mlango tutakuangalizia sisi."

Basi wote, bila kuambiwa, wakageuza vichwa kutazama mlango.

Na mlangoni alikuwa amekaa Ngiri.

Walimtazama tu, wakubwa kwa wadogo, na nyuso zao bado zina tabasamu. Sijui kama mmewahi kutazamwa hivyo. Ni vibaya kuliko kufukuzwa. Ngiri akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasogeza kitako kidogo. Akasogeza tena. Mwisho akainuka.

"Sawa," akasema. "Lakini nilichimba kaburi. Nilichota maji. Nilipasua kuni. Kwa kazi yangu nipewe kitu."

"Mtani hapewi kitu kwa kazi yake," akasema Mzee Kobe. "Mtani ni nani?"

Ngiri akawapa mgongo. Akaenda zake, guda-guda-guda, mkia wima, mvua ikimnyeshea. Kaburi alilochimba lilikuwa zuri, lazima niseme. Kingo zimenyooka. Wakamzika Mzee Nungunungu humo, wakafukia, wakala uji, na watoto wakaingia shimoni mwao kukauka.

Watu walipoanza kuaga, Bi Nungunungu akamwita Kindi. "Wewe. Tangu ulipoanza kumsema mzee hujainuka hapo mbele yangu. Umekalia nini?"

Kindi akasogea. Chini ya mkia wake mkubwa kulikuwa na kikapu cha karanga kutoka ghalani.

"Nilidhani ni jiwe," akasema Kindi.

"Ulisema wewe si mtani."

"Si mtani, mama. Ila mfiwa alitabasamu, na mimi nilikuwa nimekaa."

Bi Nungunungu akakivuta kikapu, akakigawa katikati kwa mkono, rundo huku na rundo huku. Akafikiri. Akachukua karanga moja kutoka rundo la kushoto, akairudisha kulia, kama ambavyo mumewe angefanya.

"Za kulia ni mbegu," akasema. "Kesho asubuhi utakuja kuzipanda. Mstari aliouacha unaujua, umesema mwenyewe uliuona. Chukua za kushoto."

Kindi akachukua za kushoto. Na kesho yake alikuja kupanda, amechelewa, kwa sababu alifika kwenye kichuguu akarudi kuangalia mlango wa Bi Nungunungu, mara tatu.

Hadithi nimeitua hapo. Mwenye mgongo mzima aibebe, wangu unauma.

Na mafunzo yake ni haya: mwizi hafaidiki, mchoyo hapendwi, na msibani hakuchekwi. Kama kuna aliyesikia jambo tofauti, basi alikuwa amesinzia.

Sasa vyombo.